Jinsi ya kuivika timu jezi ya rangi moja katika picha ya pamoja bila kugusa umbo wala mkao wa mtu

Kazi hii huja kwa fundi wa picha kwa njia ileile karibu kila mara. Timu imepiga picha ya pamoja kabla jezi hazijafika, kila mmoja amevaa fulana yake, na sasa inataka picha hiyohiyo ionekane kana kwamba wote walikuwa na jezi. Njia ambayo wengi huijaribu kwanza ni kumchagua mmoja ambaye fulana yake imekaa vizuri, kuikata, kuipaka rangi na kuibandika juu ya wengine kwa kuivuta hapa na kuibana pale. Matokeo yake ni watu tisa wenye kifua kimoja. Mikunjo iliyofanywa na mkono ulioinuliwa inaonekana kwa mtu aliyeshusha mikono, na kocha mnene anajikuta na tumbo la kijana wa miaka 20.

Kosa hilo linatokana na kutotambua kwamba fulana katika picha ni vitu viwili vilivyokaa pamoja. Kitu cha kwanza ni rangi ya kitambaa, na hiyo timu nzima inaweza kugawana. Kitu cha pili ni mwanga na kivuli juu ya kitambaa hicho: mikunjo, mviringo wa tumbo, mvutano begani, giza la kwapani. Hicho ni mali ya mvaaji peke yake, kwa kuwa ndicho kinacholieleza jicho umbo la mwili na jinsi mtu alivyosimama. Kwa hiyo tutaibadilisha rangi na kuiacha mikunjo ya kila mtu pale ilipo, na mstari wa nje wa mwili hautasogezwa hata pikseli moja kwa kuusukuma au kuuvuta.

Nitaeleza kwa kutumia programu ya GIMP, toleo la 2.10, kwa sababu haina malipo na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Katika toleo la 3.0 majina machache ya menyu yamebadilika kidogo, lakini hatua ni zilezile. Mfano wangu ni picha ya timu ya mpira wa wavu ya mtaani niliyoitengeneza: watu tisa, wanne mbele wakiwa wamepiga goti na watano nyuma wamesimama, wawili wa mwisho upande wa kulia wakiwa chini ya kivuli cha mwembe. Wanne walivaa fulana nyeupe, wawili bluu ya mpauko, mmoja nyekundu, mmoja nyeusi, na mmoja ya mistari myekundu kwa meupe. Walitaka jezi ya bluu iliyokolea yenye beji kifuani.

Kuikagua picha kabla ya kukubali kazi

Omba faili halisi kutoka kwenye kamera au simu iliyopiga. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na ubanaji huo huanza kula mikunjo midogo kwenye maeneo ya giza, yaani kilekile tunachokihitaji. Mwambie mteja aitume kama `Document`, au aje nayo kwenye kadi.

Kisha ichunguze fulana nyeusi kuliko zote, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kama kazi inawezekana. Fungua `Colors > Levels...` na ukivute kishale cheupe cha `Input Levels` kutoka 255 hadi karibu 60. Picha yote itaungua kwa weupe, lakini usiitazame. Itazame fulana nyeusi pekee. Ikiwa mikunjo inajitokeza, hata kwa chengachenga, unaweza kuendelea. Ikiwa fulana inabaki doa jeusi lisilo na kitu ndani, hakuna habari ya kuokoa, na mikunjo yoyote utakayoiweka utakuwa umeibuni mwenyewe. Hapo ni heri kumwambia mteja ukweli na kumwomba mtu huyo mmoja apigwe picha upya, kuliko kumchorea mwili usio wake. Baada ya ukaguzi bonyeza `Cancel`.

Tazama pia ushonaji wa nguo. Fulana yenye mikono mirefu haiwezi kugeuzwa kuwa ya mikono mifupi bila kubuni ngozi ya mkono, na singleti haiwezi kupewa mabega bila kubuni kitambaa. Mimi huwaachia watu mikono mirefu na kola zao, kwa kuwa jicho la mtazamaji husamehe tofauti ya mshono mapema zaidi kuliko linavyosamehe mkono wa kubandika. Mwenye singleti hana njia nzuri ya kusaidiwa, na mteja alijue hilo mapema.

Kuzungushia mpaka

Hii ndiyo sehemu inayokula muda, na haina njia ya mkato inayoaminika. Tumia zana ya `Paths` kwa kila mtu, ukiwa umeikuza picha hadi asilimia 200, na uweke nukta pale mstari unapogeuka tu, kwa sababu nukta nyingi huufanya ukingo uwe na vidonda. Pita ndani kidogo ya ukingo, takriban pikseli moja, isipokuwa kwa fulana nyeupe: hizo uzipitie ukingoni kabisa, maana mstari mweupe ukibaki nje ya jezi ya bluu utang'aa kama uzi.

Chochote kilicho mbele ya fulana kibaki nje ya mpaka: vidole vya jirani vilivyoshika bega, mkufu, ncha ya ushungi iliyoshuka kifuani, mikono iliyokunjwa. Katika picha yangu mchezaji wa pili nyuma alikuwa amekunja mikono, hivyo fulana yake ilikuwa vipande vitatu: kifua cha juu, sehemu ndogo kati ya mkono na mkono, na tumbo. Vyote vitatu ni njia tofauti ndani ya uteuzi mmoja, na ukikisahau kile kidogo cha katikati kitabaki na rangi ya zamani.

Ukimaliza mtu mmoja, bonyeza `Enter` ili njia igeuke kuwa uteuzi, kisha `Select > Feather...` na uweke pikseli 1 au 2 kwa picha yenye upana wa pikseli 6000. Halafu `Select > Save to Channel`, na uipe chaneli hiyo namba ya mtu kwa mpangilio wa picha, kuanzia kushoto. Chaneli hizi tisa ndizo mtaji wako, kwani ukikosea chochote baadaye utarudi kwazo bila kuchora tena.

Kitambaa chini, mikunjo juu

Tengeneza kundi la matabaka juu ya picha ya awali na uliite JEZI. Hakikisha hali yake, yaani `Mode`, ni `Normal` na si `Pass through`. Lipe kundi zima `Layer Mask` nyeusi, kisha kwa kila chaneli fanya `Channel to Selection` na ujaze weupe ndani ya uteuzi. Sasa kundi linaonekana ndani ya fulana tisa tu, na mikono, shingo na vidole viko salama nje yake.

Ndani ya kundi, tabaka la chini kabisa ni rangi tupu ya bluu iliyojaa picha nzima. Juu yake zitakuja beji. Juu ya beji kutakuwa na matabaka tisa ya mikunjo, moja kwa kila mtu, yote yakiwa katika hali ya `Multiply`. Hali hiyo hufanya kazi kama kivuli: palipo peupe katika tabaka la juu rangi ya chini hupita ilivyo, na palipo na kijivu rangi ya chini hutiwa giza kwa kiasi hicho. Mpangilio huu una faida mbili. Bluu ni tabaka moja kwa watu wote, hivyo haiwezi kutofautiana kati ya mtu na mtu. Na beji, kwa kuwa iko chini ya mikunjo, hupata kivuli cha kifua kilichoivaa bila wewe kuipaka kivuli.

Bluu utakayoijaza iwe ang'avu kuliko ile unayotaka ionekane, kwa sababu `Multiply` haiangazi kamwe, inatia giza tu. Mimi nilijaza `2f6fd0`, na machoni jezi ikaonekana bluu iliyokolea.

Tabaka la mikunjo la mtu mmoja hupatikana hivi. Nakili picha ya awali, iingize kwenye kundi, rejesha uteuzi wa mtu huyo kutoka kwenye chaneli yake, uukuze kwa `Select > Grow...` pikseli 3, kisha uongeze `Layer Mask`, yaani kifuniko, kwa kuchagua `Selection`, na ubofye kijipicha cha tabaka lenyewe ili hatua zinazofuata zisiangukie kifuniko. Pikseli hizo 3 zina sababu. Kifuniko cha mtu kikilingana kabisa na kifuniko cha kundi, vyote viwili vitafifia mahali pamoja ukingoni, na bluu tupu isiyo na kivuli itachungulia kama mstari kuizunguka fulana. Kifuniko cha kundi ndicho kikate ukingo. Cha mtu kipite nje kidogo. Mahali fulana mbili zinapogusana mikunjo italaliana na kuacha mstari mwembamba wa giza, na mara nyingi unafanana na kivuli cha kweli. Ukizidi, paka nyeusi kwa brashi laini kwenye kifuniko cha mmoja wao.

Kuzipata mikunjo safi kutoka kwenye kila rangi

Fulana nyeupe hazihitaji zaidi ya `Colors > Desaturate > Desaturate...`. Usizifanyie jambo jingine kwa sasa. Hizo nne ndizo kipimo chako, kwa sababu zinaonyesha mwanga halisi ulioanguka mahali pale zilipo, iwe juani au chini ya mwembe.

Kwa fulana zenye rangi, usiziondolee rangi kwa njia hiyo ya kawaida, kwa kuwa zitatoka nzito na chafu. Tumia `Colors > Components > Extract Component...` na uchague rangi inayofanana na ya fulana yenyewe. Kitambaa chekundu hurudisha mwanga mwekundu kwa wingi, kwa hiyo katika `RGB Red` huonekana karibu kama cheupe, na mikunjo inabaki. Bluu ya mpauko uichukulie `RGB Blue`. Njia hii ndiyo iliyoniokoa kwenye ile fulana ya mistari: katika `RGB Red` mistari myekundu na meupe yote miwili huwa mieupe, na mistari ikapotea karibu yote. Palipobaki alama hafifu tumboni nilipita na zana ya `Heal`, nikichukua sampuli kwa kufuata mkunjo uleule na si kwa kuukatiza. Kikwazo chake ni kwamba fulana nyekundu iliyopigwa na jua kali inaweza kuwa imefika 255 yote katika chaneli nyekundu, na hapo mikunjo haipo. Utaigundua kwa bega lililo tambarare kama karatasi. Ikitokea hivyo, chukua `RGB Green` kwa mtu huyo na uikubali kazi ya ziada ya kuiangaza. Maandishi meusi kwenye fulana hayaondoki kwa chaneli yoyote, na dawa yake ni `Heal` na subira.

Kuwaleta wote kwenye mwanga mmoja

Hapa ndipo picha nyingi huharibika, hata zilizochorwa mipaka kwa uangalifu. Fundi hujaribu kuzifanya fulana zote ziwe na kijivu kimoja, na matokeo yake ni kwamba aliye kivulini anaonekana kavaa jezi inayong'aa. Lengo ni jingine: kila fulana ifanane na fulana nyeupe ambayo ingekuwa mahali pale pale. Kwa hiyo mtafutie kila mtu jirani mwenye fulana nyeupe aliye katika mwanga uleule, na umpimie kwa huyo.

Mfano ni mchezaji wa tano, mwenye fulana nyeusi, aliyesimama juani karibu na wa tatu mwenye nyeupe. Kwa zana ya `Color Picker` nilipima fulana nyeupe: sehemu iliyotazama jua ilikuwa 235, na ndani ya mkunjo ilikuwa 120. Fulana nyeusi, baada ya kuondolewa rangi, ilikuwa 70 juani na 12 ndani ya mkunjo. Nikafungua `Levels` uteuzi wake ukiwa bado hai, kwa kuwa bila uteuzi chati ingeonyesha picha nzima, na nikaweka `Input Levels` 8 na 75, kishale cha kati 1.5, na `Output Levels` 90 na 235. Sehemu ya juani ikafika karibu 228, na mkunjo karibu 112. Namba hazikulingana kabisa na za jirani, wala hazihitaji kulingana. Vitambaa viwili tofauti havikunjiki sawasawa, na fulana yake ya pamba nzito ilikuwa na mikunjo michache mipana.

Kuiangaza nyeusi kiasi hicho kunaleta chenga. Zipunguze kwa `Filters > Enhance > Noise Reduction...` kwa nguvu ndogo, ukisimama pale ambapo chenga za jezi zinafanana na za jezi ya jirani. Ukiziondoa zote, jezi yake itaonekana ya plastiki kati ya jezi za pamba.

Wale wawili wa chini ya mwembe hawakuwa na jirani mweupe kivulini ila mmoja, ambaye ni wa mwisho kulia. Yeye alikuwa 150 na 70. Huyo wa pili mwenye bluu ya mpauko nilimshusha hadi hapo, ingawa kwa macho ilionekana kama ninamharibia jezi, na nilipoitazama picha nzima ndipo kivuli cha mwembe kikasimama mahali pake.

Beji

Beji huwekwa kifua cha kushoto cha mvaaji, yaani kulia kwa anayetazama, takriban usawa wa juu wa kwapa. Ukubwa wake ndio unaokosewa sana, kwani watu huupima kwa upana wa kifua. Jezi za kweli hutoka kiwandani na beji ya ukubwa mmoja, hivyo kifuani kwa mtu mnene huonekana ndogo na kwa mwembamba huonekana kubwa, na tofauti hiyo ni sehemu ya umbo la mtu. Pima kwa uso, kwa sababu nyuso za watu wazima hazitofautiani sana. Kutoka kidevuni hadi kwenye nyusi ni takriban sentimita 12, na kipimo hiki hakisumbuliwi na kofia wala ushungi.

Beji ya timu ile ilikuwa na upana wa sentimita 7. Mchezaji wa mbele alikuwa na pikseli 150 kutoka kidevu hadi nyusi, na 150 mara 7 gawa kwa 12 ni karibu 88, hivyo beji yake ikawa pikseli 88. Wa nyuma walikuwa na pikseli 120, nao wakapata 70. Aliyeinamisha kichwa kipimo chake hudanganya, kwa hiyo mchukulie kipimo cha aliye naye mstari mmoja. Kocha, ambaye kifua chake ni kipana kuliko cha wote, alipata 70 kama wenzake wa nyuma.

Baada ya hapo igeuze kwa zana ya `Perspective` ifuate uelekeo wa kifua. Aliyesimama kiubavu beji yake hubanwa upana na kubaki na urefu uleule. Aliyegeuka kabisa haonyeshi beji, na usimlazimishie. Yule aliyekunja mikono hakuhitaji hesabu ya ziada, kwa kuwa kifuniko cha kundi kilikuwa kimeshauacha mkono nje, na nusu ya beji ikaingia nyuma ya mkono yenyewe. Mwisho, mkunjo ukipita katikati ya beji, isukume kidogo kwa `Warp Transform` ifuate mkunjo huo. Zana hiyo iguse tabaka la beji tu. Ikiangukia tabaka la mikunjo au picha ya awali, umeanza kuubadilisha mwili wa mtu.

Kuigundua kasoro

Weka kwa muda tabaka jeupe tupu juu ya bluu na beji, chini ya mikunjo, ili ibaki mikunjo peke yake. Fulana tisa za kijivu zitaonekana, na ile ambayo haijalingana na mwanga itaruka machoni mara moja, jambo ambalo rangi huificha. Kisha ulizime tabaka hilo jeupe na uipunguze picha hadi asilimia 25, ukitazama kingo: uzi mweupe kwenye bega maana yake mpaka ulipita ndani mno.

Kasoro moja hubaki hata pale kila kitu kingine kimekaa sawa, nayo ni rangi ya fulana ya zamani iliyorushwa kwenye ngozi. Aliyevaa nyekundu alikuwa na wekundu chini ya kidevu, na jirani yake alikuwa nao kwenye mkono uliomgusa. Juu ya jezi ya bluu wekundu ule ulionekana kama upele. Zungushia eneo hilo kwenye nakala ya picha ya awali, ulainishe uteuzi kwa pikseli 20 hivi, na upunguze `Chroma` kidogo katika `Colors > Hue-Chroma...` hadi ngozi ifanane na ya shavuni. Usiende hadi ngozi ikawa kijivu.

Hifadhi kazi kama faili la `.xcf` kabla ya kutoa nakala ya mteja kwa `File > Export As...` katika JPEG ya ubora wa 92 au zaidi. Timu ile ilirudi baada ya wiki mbili. Mfadhili wao alikuwa amebadilisha jezi kuwa za rangi ya damu ya mzee. Nilifungua faili, nikajaza rangi mpya kwenye lile tabaka moja la chini, nikaangalia kingo za fulana nyeupe mara moja tena, na picha ikawa tayari kabla hawajamaliza soda.